Jiwe la Buluu Kwenye Mahameli

Kazi yangu ni kuiandikia mashine maneno ili itoe picha. Watu wakiniuliza nawaambia hivyo hivyo, na wakicheka nawaacha wacheke. Zamani nilikuwa na studio ya picha za pasipoti hapa Ng'ambo, yenye pazia jekundu na kiti kimoja, mpaka simu za mkononi zilipoimaliza. Nikahamishia kompyuta yangu nyuma ya duka la kaka yangu, ambaye ni sonara kama alivyokuwa baba yetu, na kama alivyokuwa babu wa baba yetu aliyewasokotea bangili za shaba wapagazi waliopita hapa wakienda Ujiji. Kaka alinipa meza karibu na dirisha na sharti moja tu, kwamba nisiguse vifaa vyake. Mimi nilimpa langu, kwamba asiniambie kazi yangu ni ya uvivu.

Wateja wangu ni wenye maduka. Huyu anataka picha ya keki, yule ya kochi, lakini zaidi ni vito, kwa sababu vito ni vigumu kupiga picha. Ukipiga pete kwa simu unapiga pia uso wako, dari, na shati la anayepita. Kwa hiyo wanakuja kwangu, tunaielekeza akili mnemba, nayo inachora pete ambayo haijawahi kushikwa na mtu.

Mwanzoni nilikuwa naandika kijinga kama kila mtu: pete nzuri inayong'aa sana. Mashine ikanipa nyota kila pembe, jiwe linawaka kama kipande cha chupa juani, huoni umbo wala rangi. Nikajifunza kuifunga breki. Sasa naandika trei ya mahameli meusi, nyuzi zake zimelazwa upande mmoja, isiwe na vumbi. Naandika taa moja pana na laini kutoka juu kushoto, kisha taa moja ndogo kali ya kuamsha mikato michache tu. Naandika jiwe la duaradufu, uso wa juu ulio bapa uwe wazi, mikato ya pembeni ionekane mistari yake, mingine ibaki gizani. Hili la giza ndilo lililonichukua muda kulielewa. Jiwe halipendezi kwa kung'aa lote, linapendeza kwa sababu mkato mmoja umelala kando ya mwingine ulioamka. Mwisho naandika nisichotaka: nyota za mwanga, ukungu, kucha za kushikia jiwe zilizoyeyuka, hereni zisizofanana.

Kaka alikuwa akisoma maelekezo yangu juu ya bega langu na kuguna. "Kizuri chajiuza," alikuwa akinichokoza. Nami nilimjibu kwamba kibaya ndicho kinachojitembeza, na cha kwake kingekuwa kizuri hivyo asingekaa siku nzima akiangalia mlango.

Shangazi mtu na binti wa kaka yake waliingia dukani asubuhi moja ya kiangazi. Shangazi huyo nilimfahamu kwa sura, mama wa makamo mwenye sauti inayotangulia mwili, familia yao ina mashamba ya tumbaku kule Goweko na nyumba kubwa hapa mjini. Binti alikuwa mwembamba, mpole, anaolewa mwezi unaofuata. Tulisalimiana, shikamoo na marahaba zake, kisha shangazi akafungua kitambaa juu ya kaunta. Ndani yake mlikuwa na pete moja na hereni mbili, za dhahabu iliyolika na mawe ya tanzanaiti.

Zilikuwa za mama yake yule binti, aliyefariki binti akiwa mdogo. Baba alikuwa dereva wa malori, mawe aliyanunua kule Mererani enzi za safari zake. Dhahabu ilikuwa imekwisha kuwa nyembamba kama kucha ya mtoto, hivyo walitaka iyeyushwe, iongezwe, na mawe yavishwe upya kwa ajili ya harusi.

Kaka aliweka kile kioo chake cha kukuza jichoni na kuigeuza pete. "Hili lina kovu," akasema. "Hapa ukingoni limemeguka."

"Kinu," binti akajibu. Ndiyo mara ya kwanza kumsikia akiongea zaidi ya salamu. "Mama aliligonga akitwanga. Nilikuwa nikilala nashika mkono wake, nasugua hapo kwa kucha mpaka usingizi unanichukua." Alinyoosha kidole chake na kutuonyesha, akasugua mara moja, kisha akaona haya na kurudisha mkono.

Kaka alimweleza atakavyofanya. Jiwe lililomeguka likiachwa wazi litaendelea kumeguka, kwa hiyo ukucha mmoja wa dhahabu ataukalisha juu ya kovu, ulishike na kulilinda. Hakuna sonara ambaye angefanya vingine. Binti alifikiri kidogo, akaitikia.

Halafu kaka akafanya kilichonirudia akilini mara nyingi baadaye. Shangazi alitaka kujua kama dhahabu yenyewe ni ya kweli, kwani wifi yake marehemu alikuwa na domo, mali zake hazikuwahi kuaminika. Kaka alichukua koleo dogo, akafungua kucha za pete, akalitoa jiwe na kulilaza kwenye kikombe chenye pamba, mbali kabisa, upande wangu wa meza. Ndipo akaishika pete tupu, akaipuliza kwa moto mpaka ikawa nyekundu, akaitumbukiza majini. Ikalia, ikatoka njano ile ile, safi.

"Enhe," shangazi akasema, ameridhika. "Cha kweli hakiogopi moto."

Alikuwa anaangalia pete, hakukiangalia kikombe. Nami nilikiona kikombe, nikamwona asivyokiangalia, na sikuona ajabu yoyote, kwa sababu kwetu sisi kulitoa jiwe kabla ya moto ni kama kuvua viatu mlangoni.

Mambo ya picha yaliletwa na ndugu zao. Walikuwa Mwanza, Dar es Salaam na wengine Muscat, na kila mmoja alitaka kuona bibi harusi atavaa nini. Lakini katika familia ile vito vya bibi harusi haviangaliwi wala havipigwi picha kabla ya siku ya hina. Vikitoka kwa sonara vinafungwa ndani ya boksi, na boksi linafunguliwa mbele ya wanawake wote pamoja, ili jicho la mmoja lisitangulie. Hata pete ya zamani shangazi alinikataza kuipiga. Basi akaniuliza kama naweza kutengeneza picha ya mfano tu, ya kuwanyamazisha.

Nilikubali. Nikaandika kutokana na maelezo ya kaka na kile nilichokiona kwa macho yangu: pete kwenye trei ya mahameli, hereni kwenye sanamu ya kifua kama ile iliyopo dirishani petu, ngozi yake nyeusi isiyong'aa.

Sanamu ndiyo iliyoanza kunisumbua. Sanamu ya kifua haina masikio, imekatwa shingoni. Mikufu inakaa vizuri, lakini hereni hazina pa kuning'inia. Mashine ilizitundika hewani kwanza, pembeni ya shingo, hazijashikwa na kitu. Nikaikataza. Ikazibandika mabegani. Nikaikataza tena, na safari hii ikaamua kuipa sanamu masikio. Yalikuwa masikio mazuri mno, ya mtu, yenye vinyweleo. Nilipoandika sanamu isiyo na kichwa, ikaacha masikio na kuongeza taya, na chini ya taya mwanzo wa mdomo wa mwanamke uliofumba, mtu anayesubiri zamu yake ya kusema.

Nilifunga kompyuta nikaenda kukaa mbele na kaka. Mimi si mtu wa kuogopa vivuli, ila nilijua ule si mdomo wa sanamu.

Nilirudi baadaye, nikaandika waziwazi kwamba hereni zitundikwe kwenye kijiti cha shaba kilichosimama nyuma ya shingo iliyokatwa, na ikatii. Mawe yalitoka vizuri. Buluu iliyokolea, mikato imetulia, mng'ao kidogo tu ukingoni. Nikamwita shangazi aje aone.

"Mbona limelala?" akauliza. "Ling'arishe."

"Shangazi, tanzanaiti ndivyo ilivyo. Ikiwaka yote inakuwa plastiki."

"Mwanangu, hao wa Muscat wameshika dhahabu tangu tumboni. Ling'arishe."

Nikaongeza taa ndogo. Akataka tena. Nikaongeza hadi pale ninapojua mimi kuwa ni mwisho, nikagoma, tukaangaliana, akaona sitanii. Nikamuuliza kuhusu kovu, kama niandike jiwe limemeguka kidogo ukingoni. Alinicheka. "Kovu la nini kwenye picha ya harusi?" Hapo hata mimi sikuwa na ubishi, maana ukucha ungelifunika.

Chini ya picha niliandika kwa herufi nyeupe: PICHA YA MFANO. Huwa sitoi picha ya mashine bila maneno hayo. Alinishukuru, akatia simu mkobani, akaondoka. Njiani au nyumbani, sijui wapi, alikata ule ukingo wa chini wenye maneno kwa sababu, kama alivyoniambia mwenyewe baadaye, ulikuwa unaharibu mahameli. Ikaenda kwenye kundi la familia ikiwa tupu, na juu yake aliandika kwamba mawe ya marehemu ndiyo haya.

Nililijua hilo kwa binti. Alipita dukani kuangalia kazi, ingawa hakuruhusiwa kuangalia, akanionyesha simu yake. Mashaallah zilikuwa zimepangana mpaka kidole kinachoka kupandisha. Mtu wa Muscat alikuwa ameikuza picha, akahesabu mikato, akasifu usafi wa jiwe.

"Si lenyewe lakini," binti aliniambia taratibu. "La mama lilikuwa linabadilika. Asubuhi hivi, jioni vile."

Nilimwambia amweleze shangazi yake awaambie watu ukweli. Aliinamisha kichwa. Nikaelewa kwamba katika nyumba ile shangazi haelezwi.

Kaka alimaliza kazi na ilikuwa kazi nzuri, nasema hivyo ingawa simsifu mara nyingi. Aliniita nione kabla hajafunga boksi, kwani sonara na dada yake si wanawake wa hina. Aliileta pete dirishani, ikawa buluu. Akaigeuza ubavu, zambarau ikapita ndani yake. Akairudisha ndani chini ya balbu ya zamani aliyoiacha juu ya meza yake, na jiwe lote likawa na wekundu, rangi ya zambarau zilizoiva. Hereni zilikuwa hivyo hivyo, moja ikiwahi kubadilika kuliko mwenzake, maana mkataji wa Mererani aliyakata mawe yale kwa pande tofauti. Hiyo ndiyo tabia ya tanzanaiti na ndiyo raha yake. Mimi nilisimama pale nikaiangalia kompyuta yangu, ambako pete ilikuwa buluu moja, na hereni zilikuwa pacha kamili.

"Mwambie aangalie akija," nilimwambia kaka.

Alimwambia. Nilikuwepo. Shangazi alipokuja kuchukua boksi, kaka alilifungua nusu na kumwomba aone kwa macho yake hapo hapo mchana, ili amweleze habari ya rangi. Yeye aliweka kiganja juu ya kifuniko na kukishusha.

"Havionwi kabla ya siku, fundi. Isitoshe nimeshaiona kwenye picha."

Kaka alinitazama. Nikafungua mdomo nikaanza kusema kuwa picha ile ni ya mfano, haikupigwa, mashine haijawahi kuiona pete hii. Aliniitikia "naam, naam" kama anavyoitikiwa mtoto anayeeleza ndoto, akatoka na boksi kwapani.

Siku ya hina walituita jioni, magharibi imekwisha kuingia. Alikuja kijana wa bodaboda akasema tunatakiwa nyumbani kwa bibi harusi, fundi na dada yake, sasa hivi. Kaka aliosha mikono. Njiani nilikuwa na hasira tayari, sijui dhidi ya nani.

Sebule ilikuwa imejaa wanawake. Walikuwa wametundika taa za mapambo za njano ukutani kote, nyuzi kwa nyuzi, na hakukuwa na taa nyingine. Bibi harusi alikaa katikati kwenye mkeka, mikono miwili ameinyoosha juu ya mito, imepakwa hina mbichi kuanzia kucha hadi viwiko. Mbele yake palikuwa na trei ya mahameli. Walikuwa wameitafuta ya rangi ile ile ya kwenye picha. Juu yake pete na hereni zilikuwa zimelala, zambarau nyekundu chini ya zile taa, na karibu kila mwanamke alikuwa na simu mkononi yenye jiwe la buluu.

"Fundi," shangazi akasema. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililonitisha. "Jiwe la wifi yangu liko wapi?"

"Ndilo hilo, mama."

"Hili si la buluu. Na hizi hereni hata hazifanani. Sisi tumeona." Akainua simu.

Kaka aliongea kwa utulivu kuliko ambavyo ningeweza mimi. Alieleza kwamba jiwe hilo linafuata taa, kwamba chini ya taa za njano linaenda wekundu, wasubiri asubuhi waliweke mlangoni kwenye mwanga wa jua. Mwanamke mmoja akasema kwamba asubuhi fundi atakuwa amevuka mto Malagarasi. Wengine wakacheka, si kicheko cha harusi. Mimi nikasema picha ile niliitengeneza mimi kwa maneno, hakuna kamera, na kwamba niliandika hivyo chini yake. Nikamwomba shangazi aonyeshe ukingo wa chini. Hapo ndipo aliponiambia kuhusu mahameli kuharibika. Wale wanawake walinitazama, na nikaona jinsi jambo linavyogeuka: kwa maneno yangu mwenyewe nilikuwa nimekiri kwamba mimi ni mtu wa kutengeneza vitu visivyo vya kweli, na fundi huyu ni ndugu yangu.

"Lina kovu," bibi harusi akasema kutoka mkekani. "Shangazi, jiwe la mama lina kovu."

Shangazi akainama juu ya trei, akaigeuza pete huku na huku. "Kovu liko wapi hapa? Hapana kovu."

"Liko chini ya ukucha," kaka akajibu haraka. "Nikiuinua huu mmoja mtaliona wote. Nahitaji koleo langu na kioo. Naomba niende dukani mara moja. Dada atabaki."

Nilibaki kama rehani. Alipanda ile bodaboda, mlio wake ukapotea kuelekea barabarani.

Halafu minong'ono ikaanza, mmoja alijua sonara wa Mwanza aliyebadilisha mawe ya watu, mwingine alijua wa Nzega. Nikaanza kuona uso wa shangazi ukibadilika. Alikuwa na kundi zima la ndugu linalosubiri picha ya pili, ya pete kidoleni, na alikuwa amewaambia kwa mkono wake kwamba mawe ya marehemu ndiyo haya. Kila dakika fundi aliyochelewa, yeye ndiye aliyezidi kuwa mwongo. Alisimama, akaichukua pete.

"Kitu cha kweli hakiogopi moto," alisema. "Niliona mwenyewe dukani kwake."

Nilielewa kabla hajafika mlangoni. Uani kulikuwa na jiko kubwa la mkaa lililokuwa limepikiwa pilau, makaa yake bado mekundu. Nilimfuata nikimwambia kwamba ile ilikuwa dhahabu, jiwe lilitolewa kwanza, jiwe haliwekwi motoni. Nilimshika hata mkono, mimi mgeni, mbele ya watu wake. Aliutoa mkono wangu kwa vidole viwili.

"Kama ni la kweli unaogopa nini?"

"Shangazi, subiri," bibi harusi aliita kutoka ndani. Alikuwa ameinuka, amekuja hadi kizingitini, mikono yake iko juu mbele yake imetandazwa, hina inaanza kudondoka vipande. Hakuweza kumshika mtu wala kitu. "Fundi anarudi. Subiri kidogo tu."

"Ngojangoja huumiza matumbo," shangazi akamjibu, na akaishika pete kwa koleo la mkaa.

Aliiweka jiwe likiangalia chini. Tulisimama kulizunguka jiko, hata mimi, kwa sababu nilishindwa kuondoka. Dhahabu ikaanza kuwa nyekundu, kama alivyoiona siku ile. Aliridhika, niliona mabega yake yakishuka. Akaitoa na kuitumbukiza kwenye sufuria ya maji.

Ulikuwa mlio mdogo. Mwenye kelele zake asingeusikia, lakini hakuna aliyekuwa na kelele. Alipoitoa, jiwe lilikuwa limepasuka kutoka ukingo hadi ukingo, na ndani ya ufa mmekuwa mweupe kama maziwa. Kipande kimoja kilibaki ndani ya maji.

"Mnaona," shangazi akasema. "Halikuwa lenyewe."

Wanawake wakapumua. Ni kweli, walipumua, maana sasa jambo limeeleweka. Mmoja akapiga picha.

Kaka alirudi na mfuko wake wa vifaa. Aliingia uani kwa haraka, akaona tulivyosimama, akaona koleo la mkaa. Alinyoosha kiganja na shangazi akamwekea pete, bado ina maji. Aliiangalia kwa muda. Nilidhani atatukana au atalia, na ningemuunga mkono kwa lolote. Badala yake alichuchumaa chini ya balbu ya uani, akaweka kioo jichoni, akachukua koleo lake dogo, na akauinua ule ukucha polepole kabisa, kana kwamba jiwe bado ni zima na linaweza kuumia.

Kisha akasimama, hakwenda kwa shangazi, akaenda kizingitini kwa bibi harusi na kumwonyesha.

Binti alinyoosha kidole kimoja chenye hina. Alikigusisha ukingoni mwa kile kipande kilichobaki, akasugua mara moja. Hina ikabaki pale kwenye jiwe. Hakupiga ukelele. Alisema tu, "Ndilo," halafu akasema tena kwa sauti ya chini zaidi, kwa mtu ambaye hakuwepo.

Shangazi alikaa kwenye kibao cha mbuzi kilichokuwa hapo karibu, bila kuangalia anakaa juu ya nini. Maji yakimwagika hayazoleki, na kila mtu pale alikuwa mtu mzima wa kulijua hilo.

Harusi ilifanyika. Binti alivaa zile hereni, moja buluu na moja inayokwenda zambarau, na kidole chake kilikuwa kitupu. Kaka hakudai na hakudaiwa, lakini wateja wa ile familia na jamaa zao walipungua, kwa sababu ile picha ya jiwe lililopasuka nayo ilisafiri, na wengi waliipokea bila kupokea habari ya kovu. Sasa kaka anaguna kidogo kuliko zamani, na dirishani ameitoa ile sanamu ya kifua bila kunieleza sababu.

Baada ya majuma kadhaa binti alikuja peke yake. Alikuwa na vipande vyote viwili ndani ya karatasi ya sigara. Alikaa kwenye kiti kando yangu, akaniambia shida yake. Kwa sababu ya mila yao hakuna aliyewahi kulipiga picha jiwe la mama yake likiwa zima. Picha pekee iliyopo ni ile yangu. Akaniomba nimtengenezee nyingine, ya kweli, kama lilivyokuwa jioni, na kovu lake.

Nilijaribu mbele yake. Niliandika kila nilichojua, rangi mbili ndani ya jiwe moja, taa ya njano, mng'ao wa chini sana, ukingo uliomeguka upande wa kulia. Mashine ilitoa jiwe zuri, zima. Nikaandika kovu tena kwa maneno mengine. Ikalihamishia kovu kwenye dhahabu, ikalifanya urembo. Nikaandika tena, nikaongeza ukali, nikasema jiwe lililoharibika, na ikaleta jiwe lililovunjwa vipande vinne vinavyong'aa. Kovu dogo la kinu, la kushikwa na kucha ya mtoto, haikuweza. Kila mara ililiponya. Binti alikuwa anaangalia yale mawe yakipita, mazuri yote, na mwisho akageuza uso.

Nikaizima. Nikatoa kamera yangu ya studio iliyokuwa na vumbi, nikaweka vile vipande kwenye mahameli karibu na dirisha, nikazuia jua kwa karatasi nyeupe, nikapiga. Buluu ikatoka, na zambarau ubavuni, na kovu, na ufa mweupe, na alama ya hina ambayo hakuifuta. Aliiangalia muda mrefu kwenye skrini ndogo ya kamera. Nikamtumia kwenye simu, na palepale mbele yangu akaipeleka kwenye kundi la familia, akiandika kwamba jiwe la mama ndilo hili.

Tulisubiri pamoja. Yule wa Muscat ndiye aliyejibu kwanza. Aliandika kwamba siku hizi kompyuta zinatengeneza kila kitu, na kwamba yeye anaihifadhi ile ya kwanza.